Watoto Themanini na Vitabu Kumi na Viwili

Leo nazungumza hasa na mwalimu, na zaidi na yule aliyeingia kazini juzi, ambaye usiku ameketi na daftari lake la mipango ya masomo akijiuliza: darasa langu lina watoto zaidi ya themanini, vitabu vyenyewe havifiki hata kumi na tano, sasa hapa nitaandika nini? Wazazi na wanakamati wa shule nanyi msiondoke. Mtakayoyasikia yatawasaidia kujua la kuuliza mkienda shuleni.

Darasa la namna hiyo lipo hata hapa Kizingo, Mombasa. Wengi wakisikia Kizingo hufikiria majumba yenye bustani, Ikulu, mahakama, na watu wakipunga upepo wa bahari Mama Ngina. Hayo yapo. Lakini shule za serikali za upande huu wa kisiwa hazijazwi na watoto wa majumba hayo. Hujazwa na wanaotoka Mji wa Kale, wa Majengo, na wanaovuka kwa feri kutoka Likoni kabla jua halijapanda. Madarasa yenyewe mengi yalijengwa kwa kukadiria watoto arobaini. Januari mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo za shule za msingi, nchi nzima ilitoka kwenye wanafunzi wasiofika milioni 6 ikavuka milioni 7 katika mwaka mmoja. Kuta za madarasa hazikusogea. Wakati ule mwongozo wa serikali ulikuwa kitabu kimoja kwa watoto watatu katika madarasa ya chini, na kimoja kwa wawili katika madarasa ya juu. Mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni. Hali ikawa afadhali, lakini kitabu huchanika, hulowa mvua, hupotea, na watoto huongezeka kabla vitabu havijaongezeka. Kwa hivyo darasa ninalolisema leo bado lipo.

Tulifanyie kazi darasa hilo hatua kwa hatua. Ni gredi ya nne, somo la Kiswahili, kipindi cha kusoma ufahamu. Watoto ni 84, vitabu ni 12, kipindi ni dakika 35. Mwalimu ni mmoja.

Walimu wengi huanza kwa kugawanya. Themanini na nne kwa kumi na mbili ni saba, basi kila kitabu watoto saba, na kazi imekwisha. Ukitaka kujua kwamba kazi haijakwisha, ondoka mbele ya darasa uende ukasimame nyuma ya kundi moja. Kitabu kiko katikati ya deski. Mtoto aliyekishika anasoma. Waliomkalia kulia na kushoto wanasoma kwa kuinamisha shingo. Wa nne anaona ukurasa mmoja tu. Wa tano na wa sita wamekaa ng'ambo ya deski, na kwao maandishi yako miguu juu kichwa chini. Wa saba anatazama dirishani. Ukiwaambia wasome kwa sauti, wote saba watatoa sauti, lakini wanaosoma ni watatu. Wanne waliobaki wanafuata kwa masikio.

Ndiyo maana nasema mpango wa somo katika darasa kama hili uanze na hesabu ya macho. Kabla ya kuandika utakalosema, andika watoto wangapi wataona maandishi kwa wakati mmoja. Kitabu kimoja kinasomeka vizuri na watatu, wakibanana wanne. Vitabu 12 basi vinatosha watoto kati ya 36 na 48. Hiyo ni nusu ya darasa lako. Hesabu yenyewe imekwisha kukupa mpango: nusu isome vitabu, nusu ifanye kazi nyingine yenye maana, kisha wabadilishane. Nusu ya 84 ni 42. Vitabu sita vipe watoto watatu watatu, na sita vipe watoto wanne wanne. Inatimia kamili, hakuna anayesoma kichwa chini.

Utaniuliza, na hiyo nusu ya pili itasoma nini? Itasoma maandishi yako wewe. Chukua gunia la mchele, lichane upande mmoja na chini ulifungue, ligeuze ndani nje, ulioshe na kulianika. Upande ule hauna chapa za kampuni. Kwa kalamu nene ya wino mweusi andika kifungu kifupi, herufi kubwa, mistari isiyobanana. Gunia halichaniki kama karatasi ya manila, na msimu ujao utalitundika tena bila kuandika upya. Kama huna gunia andika ubaoni, lakini uandike kabla kengele haijalia. Kifungu cha maneno arobaini na kitu kikiandikwa kwa herufi kubwa hula dakika tano au zaidi, na dakika hizo mgongo wako umewaelekea watoto themanini.

Ukishaandika, usiamini macho yako ukiwa umesimama mbele. Nenda ukakae kwenye deski la mwisho pembeni, lile la karibu na dirisha, ujaribu kusoma kutoka pale. Madarasa yetu yana madirisha ya ubavuni, na asubuhi mwanga huingia ukapiga ubao kwa mshazari. Anayekaa katikati anaona chaki, anayekaa pembeni anaona mng'aro mtupu. Nimeona mtoto akiitwa mzito kwa muhula mzima, kumbe kila siku alikuwa akitazama ubao unaomeremeta. Dawa ni kulitundika gunia upande wa pili wa ukuta, au kufunga kioo kimoja cha dirisha kwa boksi.

Sasa kifungu chenyewe. Nitawasomea nilichokitunga kwa ajili ya darasa hili:

"Bibi hukaanga mahamri alfajiri. Jua likichomoza, huwa ameshafika kivukoni na sinia lake. Siku za kazi, mahamri huisha mapema. Jana ilikuwa Jumapili. Bibi alirudi nyumbani na sinia lililojaa nusu. Wajukuu walipiga makofi kwa furaha. Bibi aliketi mkekani, akahesabu pesa zake mara mbili, wala hakucheka."

Ni maneno 43. Hakuna neno ambalo mtoto wa kisiwa hiki hajalisikia, kwa hivyo hatakwama kwenye msamiati. Nguvu yake yote itakwenda kwenye kuelewa. Chini yake nimeandika maswali matatu. La kwanza: Bibi huenda wapi jua likichomoza? La pili: kwa nini mahamri huisha mapema siku za kazi? La tatu: wajukuu walifurahi, Bibi hakucheka, kwa nini?

Maswali haya hayakupangwa kiholela. La kwanza jibu lake limeandikwa waziwazi. Anayelikosa ana tatizo la kusoma maneno yenyewe. La pili jibu lake halimo kwenye kifungu. Mtoto lazima ajue mwenyewe kwamba siku za kazi watu wengi huvuka feri asubuhi na hununua chai yao njiani. Akikujibu "kwa sababu jua limechomoza", jua kwamba ameokota sentensi iliyo karibu bila kuelewa. La tatu linataka ashike mambo mawili kwa pamoja, sinia lililorudi na mahamri na pesa zilizohesabiwa mara mbili, aone kwamba chakula cha wajukuu ndicho hasara ya Bibi. Maswali matatu, na kila moja lina kosa lake linalokuonyesha mahali mtoto alipokwama. Katika darasa la watoto 84 huna nafasi ya maswali kumi. Afadhali matatu ambayo ukiona jibu unajua la kufanya.

Twende kwenye saa. Dakika tano za kwanza ni za darasa zima. Mwalimu anasoma kifungu cha gunia kwa sauti, mara moja polepole, mara ya pili kwa mwendo wa kawaida, na watoto wanafuata kwa macho. Usiweke maelezo mazito hapa. Kama ni kipindi cha kwanza cha asubuhi, wa Likoni huenda bado wako njiani, feri imechelewa, nao wataingia mmoja mmoja wakihema. Ukiyatia maelezo ya somo zima kwenye dakika tano hizo, umewaacha nje watoto ambao kosa si lao.

Dakika kumi na mbili zinazofuata, nusu ya upande wa dirisha inapokea vitabu na kusoma hadithi iliyopangwa kwa wiki hiyo. Nusu ya upande wa mlango inajibu maswali matatu ya gunia kwenye madaftari. Kisha dakika mbili za kubadilishana. Hapa ndipo kipindi kingi hupotea. Mwalimu husema "hameni", na watoto 84 wakisimama pamoja, zinapita dakika tano au sita za madeski kukwaruzana, kalamu kuanguka na watoto kusukumana. Watoto wasihame. Vihame vitabu. Kiranja wa kila safu anakusanya vitabu vya safu yake na kumpa kiranja wa safu ya upande wa pili, na kila mmoja anajua tangu mwanzo anamkabidhi nani. Halafu dakika kumi na mbili nyingine kazi ikigeuzwa, na dakika nne za mwisho ni za darasa zima tena. Tano, kumi na mbili, mbili, kumi na mbili, nne: jumla 35.

Na mwalimu yuko wapi wakati huo wote? Hapo ndipo penye moyo wa mpango huu, na ndipo mipango mingi huwa kimya. Huandikwa "mwalimu anasimamia", basi. Nakuomba uandike majina. Katika kila dakika kumi na mbili, mwalimu aende na kuinama karibu na mtoto mmoja wa upande wenye vitabu, amsikilize akisoma peke yake kwa dakika mbili, kwa sauti ya chini. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Hizo ni dakika sita. Sita nyingine azunguke upande wa madaftari. Nusu ya pili afanye vivyo hivyo. Kipindi kikiisha amewasikiliza watoto sita. Ukiwa na vipindi viwili vya kusoma kwa wiki, ni watoto 12, na baada ya wiki saba umewasikia wote 84.

Wiki saba ni muda mrefu. Ni nusu ya muhula au zaidi. Sitaki kumpamba mtu kwa maneno: mtoto aliyekwama kwenye silabi hastahili kungoja wiki saba ndipo mwalimu ajue. Ndiyo maana orodha isianze na viranja wala na wanaokaa mbele. Ianze na wa nyuma, wanaokosa shule mara kwa mara, na wale ambao huikumbuki sauti yao. Ukiwa na mtoto ambaye huwezi kuikumbuka sauti yake, huyo ndiye wa kwanza kesho.

Kuna jambo moja linalotudanganya walimu wa madarasa makubwa kuliko jingine lolote, nalo ni jibu la pamoja. "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Bati linatikisika. Sauti ile tamu hutolewa na watoto ishirini au thelathini, wengine wanafungua midomo tu. Kuna na lile la kuacha neno nusu, "Bibi aliketi mke...?" na darasa linamalizia "...kani!" Hapo umepima kumbukumbu ya silabi mbili, hukupima ufahamu. Jibu la pamoja lina kazi yake, hasa kwa kuzoeza matamshi. Kwa kupima, halifai.

Badala yake tumia vidole kifuani. Mwalimu anasema: Bibi hakucheka kwa sababu moja, alikuwa mgonjwa; mbili, hakupata pesa za kutosha; tatu, wajukuu walipiga kelele. Fumba macho. Weka vidole vyako kifuani, kimoja, viwili au vitatu. Kifuani, kwa sababu mkono ukiinuliwa juu jirani atauiga. Macho yamefumbwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu akitupa jicho safu kwa safu, kwa muda usiofika dakika moja ameona majibu 84. Akiona vidole vitatu vimejaa safu za nyuma, anajua kwamba pale kifungu hakikueleweka, na zile dakika nne za mwisho anajua azitumie wapi. Hapo tathmini imefanyika bila karatasi wala shilingi.

Sasa tuje kwa viranja, maana wapo wanaodhani kiranja ni mwalimu mdogo. Wazo hili lina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, Andrew Bell kule Madras nchini India, na Joseph Lancaster kule Southwark, London, walijulikana kwa kufundisha mamia ya watoto kwa kutumia watoto wakubwa kuwafundisha wadogo. Njia ile ikaenea sana, kisha katikati ya karne ya 19 Waingereza wenyewe wakaiacha, kwa sababu kiranja hawezi kufundisha asichokijua, na kosa lake huwafikia wote walio chini yake. Sisi watu wa pwani tunalo la kwetu la karibu zaidi. Chuoni, kila mtoto alikuwa na ubao wake na mahali pake alipofika, na mwanafunzi mkubwa alimsikiliza mdogo akirudia aya ambayo mkubwa huyo alikwisha kuihifadhi. Tazama tofauti iliyopo. Mkubwa hakupewa kueleza tafsiri. Alipewa kusikiliza kitu ambacho jibu lake sahihi alilijua moyoni. Alipokwama, mwalimu alikuwa pale pale.

Basi mpe kiranja wa gredi ya nne kazi ya namna hiyo. Akabidhi vitabu na kuvihesabu. Amsikilize mwenzake akisoma gunia, kwa sababu gunia limesomwa na mwalimu mara mbili na kila mtu anajua linavyosomwa. Asahihishe swali la kwanza, ambalo jibu lake limo kwenye kifungu. Swali la pili na la tatu asiyaguse. Nimeona darasa ambalo safu nzima ilipigiwa alama ya kosa kwa sababu walijibu "watu wanaenda kazini", na kiranja hakulikuta jibu hilo kwenye gunia. Walikuwa sahihi wote. Jibu la kufikiri linahitaji mwalimu. Na wabadilishe viranja kila baada ya wiki chache, kwani mtoto anayesikiliza wengine siku zote naye anakosa kusikilizwa.

Kusahihisha ndiko kunakomvunja mwalimu mgongo. Madaftari 84, kila moja dakika moja tu, ni saa moja na dakika 24. Ukiwa na masomo matatu ya kuandika kwa siku, umepita saa nne, na bado hujala. Matokeo yake tunayajua: mwalimu anapiga alama bila kusoma, au anaacha kuwapa watoto kazi ya kuandika. Yote mawili ni hasara. Panga usahihishaji ndani ya mpango wa somo wenyewe. Swali la kwanza wasahihishe viranja darasani. Kwa la pili na la tatu, kusanya madaftari 21 tu, robo ya darasa, uyasome kwa dakika mbili mbili. Ni dakika 42. Baada ya vipindi vinne, kila mtoto umemsoma kwa kweli mara moja, na kosa lake umeliona kwa macho yako. Usitangaze mapema ni robo ipi ya leo. Wote wataandika kama vile zamu ni yao.

Kuna swali ambalo mzazi mmoja aliniuliza, na ni swali la haki: si tuchange tununue vitabu, hangaiko hili la magunia liishe? Nunueni, tena mnunue kwa wingi. Lakini naomba mlijue jambo lililotokea hapa hapa Kenya. Mwaka 1996 katika wilaya za Busia na Teso, ulianza mradi ambapo shule 25 kati ya 100 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vitabu vya kiada, ili zilinganishwe na zile ambazo hazikupata. Wachumi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, walifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2009. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu waliyoiona ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na mtaala wenyewe uliwalenga watoto waliokuwa mbele. Mtoto aliyebaki nyuma alipewa kitabu mkononi ambacho hakuweza kukisoma.

Mmoja wao, Kremer, alirudi magharibi mwa Kenya mwaka 2005 akiwa na wenzake wengine. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifuatilia shule zilizopata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, madarasa yaliyokuwa yamejaa yakagawanywa mawili. Katika baadhi ya shule watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, katika nyingine kwa kiwango walichofikia. Pale walipogawanywa kwa kiwango walifanya vizuri zaidi, wa juu na wa chini pia, na maelezo yao ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo. Nayaleta haya kwa sababu yanahusu mpango wako wa kesho. Kitabu peke yake hakipangi darasa. Kikizidi uwezo wa msomaji, kinawasaidia walio mbele na kuwaacha walio nyuma pale pale.

Hapo ndipo gunia la maneno 43 linapopata heshima yake. Kitabu cha kiada huwezi kukirahisisha. Kimeandikwa kwa nchi nzima. Kifungu cha gunia unaweza kukitunga kwa watoto wako, na unaweza kutunga viwili. Ukishawasikiliza watoto kwa wiki mbili tatu, utajua kuna kundi linalosoma kitabu bila shida, kuna linalosoma sentensi fupi, na kuna linalokwama kwenye silabi. Kundi la mwisho lipe gunia la sentensi tano, likianza hivi: Bibi ana sinia. Sinia lina mahamri. Liwe na Bibi yule yule na kivuko kile kile, ili dakika za mwisho wao pia waweze kujibu swali la tatu pamoja na wenzao. Usiwatenge kwa majina ya kudhalilisha wala usiwaketishe pembe moja mwaka mzima. Pima tena kila baada ya wiki saba, orodha ile ikizunguka, uwahamishe.

Sasa nizungumze na mwalimu mkuu na kamati. Mpango huu una mipaka. Hauwezi kumpa mtoto kitabu cha kwenda nacho nyumbani jioni. Hauwezi kumsaidia mtoto asiyesikia vizuri katika chumba chenye sauti 84, wala mwenye ulemavu anayehitaji mtu wa kukaa naye. Darasa la watoto 84 ni madarasa mawili yaliyobanwa chumba kimoja, na dawa yake halisi ni mwalimu wa pili. Mwalimu anayelimudu darasa hilo asifanywe sababu ya kusema kwamba hakuna tatizo. Daftari lake la usomaji, lile la majina na tarehe alizomsikiliza kila mtoto, ndilo ushahidi wenu. Mkienda ofisini kuomba mwalimu, msiende na malalamiko matupu. Nendeni na daftari lile, mwonyeshe kwamba mtoto katika shule yenu husikilizwa akisoma dakika mbili katika wiki saba. Hiyo ni hesabu ambayo afisa yeyote ataielewa, na ni vigumu kuijibu kwa maneno ya jumla.

Na wewe mwalimu mwenzangu, kesho una kipindi. Mpango wako wa somo una mahali pa mada, matokeo yanayotarajiwa, nyenzo na hatua za somo. Jaza vyote kama kawaida. Kisha ongeza mistari miwili ambayo haimo kwenye fomu. Wa kwanza: ni nani anaona maandishi gani katika dakika kumi na mbili za kwanza na za pili. Wa pili: majina ya watoto sita nitakaowasikiliza. Mistari hiyo ikiandikika, una somo. Ikikataa kuandikika, bado una hotuba, na ni heri ulijue hilo usiku huu kuliko kulijua saa mbili na nusu asubuhi mbele ya watoto 84.